Kiporo wazi mezani, vyombo sinki usiku kucha: meseji ya kumtumia mwenzako wa nyumba

"Shikamoo Bwana Afya. Nakaa na dada mmoja tumepanga vyumba viwili hapa Sinza, chakula tunachanga. Mimi nawahi kurudi napika saa moja, yeye anafunga duka anafika saa tatu usiku au zaidi, anakula analala. Asubuhi nakuta sufuria ya wali iko wazi, maharage wazi, vyombo vimejaa sinki na mende kibao. Juzi nimepasha kile kiporo nikatapika kutwa nzima. Kanizidi umri na ni mtu mzuri, sitaki tugombane, nataka nimtumie meseji fupi. Niandikeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na tumbo. Meseji nakuandikia hapo chini, ila kwanza tuelewane unaomba nini hasa, maana meseji nyingi za namna hii lugha inakuwa haina shida kabisa, shida inakuwa mtu ameomba kitu ambacho hata kikifanyika tatizo linabaki palepale. Ukimwandikia tu "dada naomba uwe unafunika chakula" atafunika, kwake yeye atakuwa ametimiza, halafu wali ule ule uliofunikwa vizuri utakutapisha tena wiki ijayo na wewe utamnunia, yeye hajui kakosa nini.

Mfuniko, kawa, hata sahani ya kugeuza juu, kazi yake ni kuzuia kinachotoka nje, mende, panya, mjusi, nzi wa alfajiri. Na sio kazi ndogo, mende anatoka kwenye chemba ya choo anakuja kutembea juu ya wali wenu na miguu ile ile, anakula na kujisaidia hapo hapo, kwa hiyo mfuniko ni lazima. Lakini kwenye wali kuna adui mwingine ambaye yuko ndani tayari kabla hata hujafunika. Ni bakteria anayeishi kwenye udongo, anakuja na mchele kutoka shambani, na mazingira yakiwa magumu anajifungia kwenye ganda ambalo halifi kwa kupikwa kwa kawaida, hata wali uive vipi. Wali ukianza kupoa ukafika uvuguvugu anafunguka, anazaliana, na wakishakuwa wengi wanatoa sumu humo humo kwenye wali. Ile sumu moto wa kupasha haiigusi. Wewe ulipasha vizuri kama ulivyofundishwa nyumbani, bakteria wakafa, sumu ikabaki, ukala.

Ndo maana mtu akija ofisini na habari kama yako mimi kitu cha kwanza namuuliza ulianza kutapika baada ya muda gani. Akisema nusu saa, masaa mawili, mwisho masaa sita, na ni kutapika zaidi kuliko kuharisha na homa hana, naanza kufikiria wali au tambi. Akisema alikula usiku, tumbo likaanza kukata na kuharisha kesho yake asubuhi au mchana na hakutapika sana, hapo naulizia maharage na mchuzi wa nyama, kuna bakteria mwingine anapenda sana sufuria kubwa iliyopoa polepole. Siwezi kusema kwa uhakika kilichokukuta juzi bila kipimo, ila kiporo cha wali kilicholala wazi na kutapika kutwa nzima, mimi hicho kiporo ningekitoa kwenye nyumba yenu moja kwa moja. Na kama bado unatapika, unaona kizunguzungu, mkojo umekuwa mchache, acha kusoma hapa nenda zahanati.

Sasa twende kwenye saa, hapa ndo penye siri ya meseji yako. Shirika la Afya Duniani wana kanuni zao tano za chakula salama, kuna na karatasi yake yenye picha, na mle wameandika chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili, ama kiwe cha moto kupita nyuzi 60 ama kiwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndo bakteria wanajigawa. Chukua kwa mfano bakteria mmoja tu anayejigawa kila nusu saa, na usiku wa Dar ulivyo na joto hiyo ni spidi ya kawaida kabisa, baada ya masaa mawili wanakuwa 16, hao hawakufanyi kitu. Baada ya masaa kumi, kwa hesabu hiyo hiyo, wamepita milioni moja. Tena hapo nimeanza na mmoja.

Wewe unapika saa moja. Yeye anafika saa tatu. Umeona? Yale masaa mawili yameshaisha kabla hajavua hata viatu. Yaani hata angekuwa msafi kuliko wote, akala haraka, akafunika, akaweka friji saa nne kasoro, ule wali umeshakaa nje karibu masaa matatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hili jambo iko kwenye mpangilio wenu, na sehemu ya kwanza ya mpangilio iko mikononi mwako wewe unayepika. Sikulaumu, nakwambia hivi kwa sababu ndo itakayofanya meseji yako ikubalike, ukimuomba mtu mzima kitu huku na wewe umeshaonyesha upande wako, hawezi kuona umemkalia kikao.

Fanya hivi. Ukishapika, gawa chakula mara tatu. Chako kula. Cha kwake kiweke kwenye hotpoti kikiwa bado kinatoa moshi, na hotpoti yenyewe uimwagie maji ya moto kwanza dakika tano umwage, maana hotpoti baridi inakula joto la chakula kabla haijaanza kulilinda, na ijae, hotpoti kubwa yenye wali kidogo chini inapoa haraka. Kuna hotpoti za mtaani ambazo baada ya saa moja hazina kitu, yako utaijua akifungua saa tatu, chakula kikitoa mvuke na kikimchoma ulimi bado iko vizuri, kikiwa vuguvugu hiyo hotpoti ni pambo, nunueni nyingine. Kinachobaki, yaani cha kesho, usikiache kabisa kwenye sufuria kumsubiri yeye. Kitandaze kwenye kontena pana, kina chake kisizidi vidole vitatu, kipoe kama nusu saa, funika, friji. Wali ukiuacha umeshindiliwa kwenye sufuria ukaiingiza hivyo hivyo kwenye friji, pembeni unakuwa baridi na katikati unabaki uvuguvugu masaa kibao, kwa hiyo ni kama hujauingiza. Maharage vilevile, chombo kipana, na kesho uyapashe mpaka yatokote, usiishie kwenye kuyapa moto. Umeme ukikatika usiku msifungue fungue friji, likifungwa linatunza baridi kama masaa manne hivi.

Ukishafanya hayo, angalia maombi yako kwake yamebaki madogo kiasi gani. Alipokuwa anatakiwa kushughulikia sufuria mbili na chakula cha kesho saa nne usiku akiwa amesimama dukani tangu asubuhi, sasa amebakiwa na hotpoti moja, sahani yake, kijiko na kikombe. Kitu kama hicho mtu aliyechoka anaweza.

Kuhusu vyombo, hapa pia ujue unachokihitaji. Watu wengi wanafikiri mende anafuata mabaki ya chakula tu, ukweli mende maji ndo yanamuweka zaidi. Wale wadogo wa kahawia wa jikoni, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, wakipata maji bila chakula wanaweza kwenda hata mwezi, wakipata chakula bila maji hawamalizi wiki mbili. Sinki yenye vyombo vilivyolowekwa usiku kucha inawapa vyote viwili kwa mkupuo, maji, mafuta, punje za wali, na giza la kujificha chini ya sahani. Na wao wanatoka usiku, taa zikizimwa na nyumba ikitulia, asubuhi wameshakula na kurudi kwenye mpira wa friji na nyuma ya kabati. Kwa hiyo kuosha asubuhi mapema, hata uamke saa kumi na moja, kwa mende haina faida, karamu imeshafanyika. Kinachotakiwa ni sinki iwe tupu na kavu wakati wa kuzima taa. Hilo ndo la kuomba. Sufuria ulizopikia wewe ziwe umeshaziosha wewe, na kama kuna ukoko unaohitaji kulowekwa, weka maji na sabuni kidogo, funika na mfuniko wake, itoe kwenye sinki. Makombo yaende kwenye ndoo yenye mfuniko, mfuko ulio wazi chini ya sinki hapana. Dodoki likamuliwe litundikwe, lisilale ndani ya beseni la maji machafu.

Basi, meseji. Nikuonyeshe kwanza ile ambayo najua karibu uitume, maana nimeshaonyeshwa nyingi za hivi kwenye simu za watu waliokuja kwangu kulalamika:

"Dada samahani lakini hii tabia ya kuacha chakula wazi na vyombo vichafu kila siku imenichosha. Juzi nimeumwa kwa ajili hiyo. Mimi sio housegeli wako. Tuwe tunajali wenzetu jamani."

Aliyeandika hii anaona ameandika kwa upole, kaanza na samahani. Ila isome kama wewe ndo dada mkubwa umeamka nayo. Kwenye "tabia" umeshamsema yeye badala ya sufuria. "Kila siku" anaweza kuibishia, atakumbuka Jumanne aliosha, na kuanzia hapo mtabishana kuhusu Jumanne. "Nimeumwa kwa ajili hiyo" ni shitaka ambalo hata mimi Bwana Afya siwezi kulithibitisha. "Sio housegeli wako" hilo neno halifutiki, meseji unaweza kuifuta lakini yeye ameshalisoma. Na mwisho wa yote hakuna sehemu hata moja inayomwambia afanye nini na saa ngapi. Atajibu "sawa", atanuna, na sufuria itakuwa pale pale.

Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo dada, poleni na kazi. Nina ombi kuhusu jikoni, mende wamezidi na juzi kiporo cha wali kilinisumbua tumbo. Kuanzia leo chakula chako nitakuwekea kwenye hotpoti kikiwa cha moto, cha kesho nitakiweka friji mwenyewe. Naomba ukimaliza kula, kilichobaki ukifunike ukiweke friji, na vyombo ulivyotumia uvioshe kabla ya kulala ili sinki ilale kavu. Kama kuna siku utachelewa sana niambie tupange. Asante dada."

Nikueleze kwa nini nimeipanga hivyo ili ukitaka kuigeuza ujue cha kutogusa. Umri wake umeupa heshima yake mwanzo, shikamoo na pole, kwa sababu kakuzidi na kwetu meseji inayoanza na dai kwa mkubwa inasomeka kama dharau hata maneno yangekuwa mazuri. Kama mmezoea "mambo dada" anza na hiyo hiyo, ukimwamkia kwa ghafla wakati huwa humwamkii atajua kuna jambo zito. Mende ndo wamebeba lawama, na mende hawabishaniwi, hata yeye anawaona. Tumbo limetajwa kama habari bila kusema nani kalisababisha, ataunganisha mwenyewe. Halafu kabla hujaomba umesema wewe unafanya nini. Ombi lenyewe ni vitendo viwili vinavyoonekana kwa macho, kufunika na kuweka friji, kuosha alivyotumia, na kuna muda, kabla ya kulala. Asubuhi mtu akiangalia atajua kimefanyika au hakijafanyika, hamna cha kujadili "usafi" ni nini. Ukitaka kuifupisha zaidi toa ile ya kuchelewa, lakini ile ya upande wako usiitoe hata kidogo. Na ukishaituma, usiku huo huo hotpoti iwepo, usije ukaahidi halafu akafika akakuta wali wa baridi kwenye sufuria.

Wakati wa kuituma una uzito kuliko unavyodhani. Usiitume alfajiri ukiwa umesimama mbele ya sinki, vidole vitaandika vyenyewe. Usiitume saa nne usiku anapokula, ataona unamchungulia. Tuma mchana, saa nane au tisa pale dukani kukipoa, ataisoma ametulia na ana masaa ya kutosha kabla ya kurudi kuikubali moyoni mwake. Voisi noti hapana, sauti inabeba hasira ambayo wewe mwenyewe huisikii, na ataifungulia dukani mbele ya wateja. Picha ya sinki pia hapana, picha ni ushahidi na ushahidi unapelekwa mahakamani. Na tafadhali sana usiweke stetasi, ile ya "watu wazima wengine hata kufunika chakula hawajui", hicho kijembe kitamfikia kabla hata hajafungua meseji yako ya adabu, na hapo hata ungeandika kwa wino wa dhahabu hakusikilizi tena. Akirudi usiku, msalimie kama kawaida, usimuulize "umeona meseji yangu?" Tiki zitakuambia.

Majibu yatakuja ya aina mbili tatu. Akisema "sawa mdogo wangu, samahani", jibu asante, yaishe, usimuongezee somo la bakteria. Akisema "mbona na wewe hukuosha Jumapili", kama ni kweli kubali kwa sentensi moja, "kweli dada, na mimi nitazingatia", usijitetee, kwa sababu unachotaka ni sinki kavu, haki ya Jumapili haikusaidii kitu. Akisema "nakuwa nimechoka sana usiku", huyo kakwambia ukweli, mpokee, na hapa uwe na kitu cha kutoa. Ningemwambia "nimekuelewa dada, basi usiku weka tu kilichobaki friji na usuuze sahani uiweke nje ya sinki, kuosha mimi nitaosha asubuhi na vya kwangu, ila Jumamosi na Jumapili upige zamu ya jikoni." Sahani iliyokwanguliwa na kusuuzwa, ikasimamishwa ikauka, kwa mende haina kitu, hiyo ni nafuu ambayo unaweza kuikubali bila wasiwasi. Chakula kuachwa wazi nje usiku, hiyo usikubali nafuu yoyote. Ikitokea siku kakisahau, hata kama amekifunika, na hata kama hakinuki, wali uliolala nje mwage, maana ile sumu haina harufu wala ladha, kulamba kidogo kuonja hakukuambii chochote.

Kitu kingine, mende hawataisha wiki hiyo hiyo, na nakuonya mapema usije ukaamka siku ya nne ukakuta mmoja ukadhani dada kakudharau. Jike wa hawa wadogo anatembea na kifuko cha mayai thelathini hadi arobaini nyuma yake mpaka yanakaribia kuanguliwa, kwa hiyo hata jikoni ikiwa kavu kuna kizazi kiko njiani tayari. Kupima kama mpango unafanya kazi, usihesabu mende, washa tochi ya simu usiku mkiwa mmelala kama masaa mawili, angalia kwenye sinki na juu ya meza tu. Sinki ikiwa kavu na meza haina punje, yeye ametimiza sehemu yake. Kama baada ya wiki nne tano bado wanapita wengi na jikoni inalala safi, basi wanatoka kwa jirani au kwenye chemba, hapo ni jeli ya mende kwenye bawaba za kabati na nyuma ya friji, na kuongea na mwenye nyumba azibe matundu ya bomba, hiyo haihusiani tena na dada.

Na akirudia baada ya kuwa ameshakubali, usirudishe meseji yote upya. Subiri itokee zaidi ya mara moja, halafu mchana tuma mstari mmoja tu, "Dada, jana chakula kililala nje nikakimwaga, leo nakuwekea kidogo zaidi kwenye hotpoti ili kisibaki." Mweleze kilichotokea na unachofanya, ishia hapo. Hela ya chakula mnachanga wote, wali uliomwagwa ataupigia hesabu mwenyewe.